Mtungi Usioelea: Kivuli na Taswira ya Kitu Kilichopandikizwa Mezani

Kitu kilichopandikizwa kwenye picha hujulikana pale kinapogusa meza. Kinaweza kuwa na ukubwa unaofaa, kikawa kimekatwa vizuri pembezoni na rangi zake zikapatana na za chumba, lakini mtazamaji bado akasema kinaelea. Hasemi hivyo kwa sababu amekagua. Macho yetu hutumia kivuli kuamua kitu kiko wapi, na huamua kabla hatujaanza kufikiri.

Mwaka 1997 watafiti Kersten, Mamassian na Knill walionyesha jambo hili kwa mchoro unaotembea wa mpira ndani ya sanduku. Mpira ulipita njia ileile mara zote. Walichobadilisha ni njia ya kivuli chake tu. Kivuli kilipoandamana na mpira, watu waliuona ukibingirika sakafuni kuelekea nyuma ya sanduku. Kivuli kilipoachana nao, waliuona ukipaa, ingawa mpira wenyewe haukuguswa. Anayepandikiza chupa, sahani au mtungi kwenye picha ya meza anashughulika na kanuni hiyohiyo: mahali pa kitu panaamuliwa na weusi ulio chini yake kuliko kitu chenyewe.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Kuna picha ya meza ya mninga iliyopigwa vanishi. Ilipigwa mchana, ndani ya mgahawa, na mwanga unatoka kwenye dirisha lililo kushoto, nje kidogo ya fremu. Nyuma ya meza kuna ukuta mweupe. Juu ya meza kuna kikombe kimoja cha kauri. Mwenye mgahawa anataka mtungi wa udongo wenye kimo cha sentimita 20 uonekane kando ya kikombe hicho, na picha ya meza haiwezi kupigwa upya.

Kikombe hicho ndicho shahidi wetu. Kila swali tutakaloulizwa na mtungi, kikombe kimeshalijibu: mwanga unatoka wapi, kivuli kina weusi kiasi gani, kingo zake ni laini kiasi gani, vanishi inaakisi kwa nguvu gani. Picha ya meza tupu ni ngumu mara mbili, kwa sababu hapo mtu anakisia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, kuza picha mpaka kikombe kijaze kioo cha kompyuta, ukitazame polepole.

Kipimo cha kwanza ni mdomo wa kikombe. Mdomo ni duara, lakini kwenye picha unaonekana kama yai lililolala. Kamera ingekuwa juu kabisa, ungekuwa duara kamili. Ingeshuka hadi usawa wa mdomo, ungekuwa mstari. Hapa mdomo una upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 160, yaani nusu ya upana. Nusu hiyo inatuambia kwamba kamera ilitazama chini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Tukijua kwamba kikombe kina upana wa sentimita 8, tunajua pia kwamba sentimita moja ya meza pale kilipo ni pikseli 40 kwa upana, na pikseli 20 tu kwa kwenda mbele na nyuma. Namba hizi mbili zitatufaa hadi mwisho.

Mtungi lazima upigwe picha kwa pembe hiyohiyo, na mwanga wa dirisha ukiwa kushoto kwake vilevile. Hapa hakuna njia ya mkato. Mtungi uliopigwa kwa usawa wa macho hauwezi kulazwa kwenye meza inayotazamwa kutoka juu, hata kivuli chake kikichorwa na fundi bingwa, na upande wake unaong'aa hauwezi kuhamishwa kwa kuongeza mwangaza wa jumla. Udongo usiong'aa una huruma kwa sababu haubebi picha ya chumba ulimopigwa. Dele la shaba lingekuwa kazi nyingine kabisa: tumbo lake ni kioo, na ndani yake utaona dirisha la chumba kingine, labda na mpigapicha mwenyewe.

Sasa kivuli. Tafuta nukta mbili au tatu kwenye kikombe ambazo kivuli chake kinaonekana waziwazi, kwa mfano ukingo wa mdomo na mkunjo wa mkono wa kikombe. Kutoka kila nukta ya kivuli chora mstari ulionyooka kupitia nukta yake kwenye kikombe na uendelee nayo. Mistari hiyo itakutana kwenye chanzo cha mwanga. Mara nyingi watakutana nje ya picha, kwa hiyo ongeza eneo tupu kuizunguka picha kabla ya kuanza. Kwa taa au jua utapata mahali pamoja panapoeleweka. Kwa dirisha utapata eneo, na katikati ya eneo hilo ndipo pa kushika. Chini yake wima, kwenye usawa wa meza, weka alama nyingine, ambayo tutaiita mguu wa mwanga.

Kivuli cha mdomo wa mtungi kinapatikana kwa mistari miwili. Mmoja unatoka kwenye chanzo cha mwanga na kupita kwenye mdomo wa mtungi. Wa pili unatoka kwenye mguu wa mwanga na kupita katikati ya kitako cha mtungi, ukilala mezani. Inapokutana, ndipo kivuli cha mdomo kinapoangukia. Fanya hivyo kwa mabega ya mtungi pia, kisha unganisha nukta hizo kwa umbo linaloanzia kwenye kitako.

Watu wengi huruka hatua hii na kutumia uwiano: kama kikombe cha sentimita 8 kina kivuli cha sentimita 9, mtungi wa sentimita 20 utakuwa na kivuli cha sentimita 23. Kwa jua la nje hesabu hiyo ni sahihi, kwani jua liko mbali mno. Kwa mwanga ulio karibu inadanganya. Chukua taa iliyo sentimita 60 juu ya meza na sentimita 60 kando. Kikombe cha sentimita 8 kitatoa kivuli cha sentimita 9 na kidogo, lakini mtungi wa sentimita 20 utatoa sentimita 30. Kadiri kitu kinavyopanda kuelekea usawa wa taa, ndivyo kivuli chake kinavyorefuka kupita uwiano. Mistari ya kuchora inalijua hilo bila sisi kupiga hesabu.

Umbo likishapatikana, linabaki swali la ulaini, na hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika. Kivuli hakina ulaini mmoja. Kinaanza kikali kabisa kwenye kitako, kisha kinalegea kadiri kinavyokwenda mbali. Sababu ni kwamba chanzo cha mwanga kina upana. Kuna sehemu ya meza inayoliona dirisha lote, kuna sehemu isiyoliona hata kidogo, na katikati yao kuna ukanda unaoona nusu, robo, au kipande tu. Ukanda huo ndio ukingo laini wa kivuli, na upana wake unapimika. Dirisha letu lina upana wa mita 1.2 na liko mita 2 kutoka mezani, kwa hiyo upana wake ni sehemu 0.6 ya umbali. Mwanga ukipita ubavuni mwa mtungi na kusafiri sentimita 10 zaidi kabla ya kugonga meza, ukingo wa kivuli mahali hapo utatanda kama sentimita 6. Jua lenyewe lingetoa karibu milimita moja tu kwa umbali huohuo, kwa kuwa tukilitazama kutoka hapa upana wake ni nusu nyuzi. Ndiyo maana kivuli chenye ukingo wa wembe ndani ya chumba kisichoingiwa na jua hakiaminiki, hata mtazamaji asipojua kwa nini.

Kwenye programu kama GIMP ulaini huo unatiwa kwa Gaussian Blur. Ukanda wa sentimita 6 ni pikseli 240 kwa upana. Namba inayoandikwa kwenye chombo hicho si upana wa ukanda wote, ni kama sehemu moja ya tatu na nusu yake, kwa hiyo Size X itakuwa 70 hivi. Kwa kuwa meza imebanwa nusu kwa kwenda nyuma, Size Y itakuwa 35. Hilo la pili husahaulika sana. Ukungu ulio sawa pande zote hukifanya kivuli kionekane kimesimama mbele ya meza badala ya kulala juu yake.

Namba hizo ni za mahali pamoja tu, sentimita 10 kutoka ubavuni. Ili kivuli kilegee polepole, tengeneza nakala tatu za umbo lilelile: moja yenye ukungu mdogo wa pikseli 10, ya pili 35, ya tatu 70. Ya kwanza ionekane karibu na kitako tu, ya pili katikati, ya tatu mwishoni, na mahali zinapopokezana zififie taratibu. Huko mwisho kabisa, kivuli cha mdomo wa mtungi kwa mwanga wa dirisha huwa kimetanda mno hata hakina umbo. Usihangaike nacho. Sentimita mbili za kwanza kutoka kwenye kitako zina thamani kuliko zote zinazofuata.

Weusi wake nao tunauliza kwa kikombe. Kivuli si rangi nyeusi iliyopakwa mezani. Ni meza ileile iliyopungukiwa mwanga mmoja huku ikiendelea kupokea mwingine kutoka kwenye dari na kuta. Kwa chombo cha kunyonya rangi, soma meza yenye mwanga karibu na kikombe: nyekundu 150, kijani 100, buluu 60. Soma sasa ndani ya kivuli cha kikombe, kwenye mbao za rangi ileile: 93, 58, 33. Gawanya kila namba ya kivuli kwa mwenzake wa mwangani, kisha zidisha kwa 255. Utapata 158, 148, 140. Hiyo ndiyo rangi ya kukijaza kivuli cha mtungi, kwenye tabaka lililowekwa Multiply, ambalo huzidisha meza kwa rangi hiyo badala ya kuifunika. Mistari ya mbao itabaki ikionekana ndani ya kivuli kama inavyopaswa.

Angalia jinsi rangi hiyo ilivyo ya kijivu chenye joto kidogo. Nyekundu imepungua kidogo kuliko buluu, kwa sababu dirisha lilileta mwanga wa anga, na lilipozibwa pakabaki mwanga uliodunda kutoka kwenye kuta na mbao. Nje, juani, mambo hugeuka: jua likizibwa, kinachobaki ni anga, na kivuli huelekea kwenye buluu. Anayetumia nyeusi tupu hupata kivuli cha majivu ambacho si cha chumba chochote.

Kuna mtego hapa. Kivuli cha mtungi kikifika kwenye kivuli cha kikombe, Multiply itazidisha mara mbili na patakuwa na kiraka cheusi zaidi. Kwa mwanga mmoja hilo haliwezekani, kwani dirisha likishazibwa halizibwi tena. Futa kivuli kipya pale cha zamani kilipo, na ukingoni kifute polepole, maana huko vyote viwili bado ni nusu. Na kama kivuli cha mtungi kinakifikia kikombe chenyewe, hakina budi kupanda juu yake. Ni rahisi zaidi kuusogeza mtungi.

Kisha uje mstari wa mguso. Pale udongo unapokutana na mbao pana ufa mwembamba ambao mwanga wa dirisha hauingii, wala wa dari, wala wa ukuta. Ni mahali peusi kuliko pote katika kivuli, na unakizunguka kitako chote, hata upande wa dirishani. Uchore kwenye tabaka lake, pia kwa Multiply, upana wa milimita moja au mbili, yaani pikseli 40 hadi 80 ukipima kwa makosa sentimita badala ya milimita. Kwa kipimo chetu sahihi ni pikseli 4 hadi 8. Usiupe unene sawa kote, kwa kuwa kitako cha mtungi wa mkono hakijanyooka. Ukitaka kujua kama picha inaelea kwa sababu yake, uzime na uuwashe tena tabaka hilo. Mtungi utaonekana ukiruka na kutua.

Meza ingekuwa na kitambaa, kazi ingeishia hapa. Lakini vanishi inaakisi, na taswira ya mtungi ndani ya vanishi si kivuli cha aina nyingine. Kivuli kinategemea mahali pa mwanga, wala hakijali kamera iko wapi. Taswira inategemea mahali pa kamera. Kwa hiyo kivuli cha mtungi wetu kinakwenda kulia, mbali na dirisha, ilhali taswira yake inashuka moja kwa moja kuelekea kwa mtazamaji. Ukiona picha ambayo taswira imelazwa upande pamoja na kivuli, aliyeitengeneza ameunganisha vitu viwili visivyohusiana.

Njia inayozoeleka ni kunakili mtungi, kuupindua juu chini na kuufifisha. Kwa chupa inayotazamwa kwa usawa wa meza inakubalika. Kwa kamera inayotazama chini nyuzi 30 inakosea mara mbili. Kosa la kwanza liko kwenye kitako: ukingo wake wa mbele umepinda kuelekea chini, na ule wa nakala iliyopinduliwa umepinda kuelekea juu. Vikiwekwa pamoja hugusana katikati tu, na pembeni hubaki nafasi mbili kama hilali. Katika ukweli ukingo wa mtungi na wa taswira yake ni mmoja. Kosa la pili ni kwamba meza inauona mtungi kutoka chini. Taswira inaonyesha mabega kwa upande wa chini wa uvimbe, wala haiwezi kuonyesha ndani ya mdomo ambao kamera inauona kwa juu.

Dawa ni kupata taswira ya kweli, na haina gharama. Siku ya kupiga picha ya mtungi, piga moja kama kawaida, kisha bila kusogeza kamera weka mtungi juu ya kioo cha kujitazamia na upige nyingine. Taswira sahihi itakuwa chini yake, yenye mpindo na pembe zake zote. Kioo cha kawaida kimepakwa fedha upande wa nyuma, kwa hiyo patakuwa na pengo jembamba kati ya kitako na taswira. Isogeze taswira juu mpaka pengo lifungwe.

Nguvu ya taswira inatoka kwenye ile pembe tuliyoisoma mdomoni mwa kikombe. Vanishi hurudisha mwanga kama kioo cha dirisha kinavyorudisha: ukiitazama kutoka juu kabisa, karibu asilimia 4, kwa kamera yetu ya nyuzi 30, asilimia 9 hivi, kamera ikishuka hadi nyuzi 15, asilimia 25. Kwa hiyo hakuna kiwango kimoja cha kukariri.

Jambo linaloshangaza zaidi ni kwamba taswira ya mtungi wetu itakuwa nyeusi kuliko meza inayoizunguka. Kabla mtungi haujawekwa, vanishi mahali pale ilikuwa ikiakisi ukuta mweupe wa nyuma, na ukuta huo ulikuwa umeshachangia mwangaza tuliousoma kama 150. Mtungi umeuziba ukuta na kuleta mahali pake udongo ulio hafifu kuliko ukuta. Kama ukuta unasoma 220 na udongo 180, hesabu ya mwanga inaishusha nyekundu ya meza kutoka 150 hadi kama 145. Ndani ya kivuli, ambamo mbao zenyewe zimefifia, inashuka kutoka 93 hadi kama 83. Taswira inaonekana zaidi ndani ya kivuli kuliko mwangani, na ukitazama taswira ya kikombe utaona ndivyo ilivyo. Ukuta ungekuwa wa rangi nzito, mtungi ungeongeza mwanga badala ya kuupunguza, na tabaka lingewekwa Screen.

Dirisha likiwa nyuma ya meza, jambo hili huwa kubwa. Meza inang'aa kwa taswira ya dirisha, na kitu chochote kilichosimama mbele yake hukata umbo jeusi ndani ya mng'ao huo. Kuacha mng'ao upite chini ya mtungi kana kwamba mtungi haupo ni kosa ambalo hakuna kivuli kitakachoweza kulificha. Inabidi ufutwe ndani ya umbo la taswira, kwa kunakili mbao za sehemu isiyong'aa. Na kama mng'ao umeunguza picha hadi nyeupe tupu, bora kuutafutia mtungi mahali pengine.

Vanishi iliyozeeka ina mikwaruzo, hivyo taswira huanza wazi kwenye kitako na kufifia inavyoshuka. Kiasi chake soma kwenye taswira ya kikombe: kama mkono wa kikombe bado unatambulika ndani ya meza, ukungu ni mdogo, kama umekuwa doa, ni mkubwa. Kwa mpangilio, kivuli kikae chini, taswira juu yake, mstari wa mguso ufuate, na mtungi uwe juu ya vyote.

Ukaguzi wa mwisho una sehemu mbili. Mwaka 2013 Eric Kee, James O'Brien na Hany Farid walichapisha njia ya kufichua picha za kughushi kwa kuchora mistari kutoka kwenye vivuli kupitia vitu vilivyovitoa, na kuangalia kama chanzo kimoja cha mwanga kinaweza kuiridhisha yote. Ni mistari ileile tuliyoanza nayo, na mtungi wetu unapaswa kuupita mtihani huo pamoja na kikombe. Sehemu ya pili ni chembechembe. Picha halisi ina punje ndogondogo za rangi, hasa gizani, na ukungu tuliotia kwenye kivuli hauna punje. Kuza hadi asilimia 200, linganisha kivuli cha mtungi na cha kikombe, na uongeze punje kidogo kidogo kwenye tabaka la kivuli na la taswira hadi viwili hivyo visitofautiane.